UZI: Visanduku vitatu vinafutaje 9 kwenye kisanduku cha nne? (XY-Wing kwenye sudoku)

MsafiriWaMalaba
Habari za jioni wakubwa. Niko Malaba na lori, foleni haisogei tangu asubuhi, na sudoku ndiyo inayonishikilia akili. Ngazi za kati namaliza bila shida. Leo nimepanda ya juu, nikakwama, nikabonyeza dokezo. Simu ikaandika "XY-Wing", ikapaka rangi visanduku vitatu, kisha ikafuta 9 kwenye kisanduku cha nne ambacho hakina rangi yoyote. Haikueleza sababu.

Nimeandika pembeni visanduku vinne vyenyewe. M ni mstari wa kulala, nahesabu toka juu. N ni nguzo ya kusimama, nahesabu toka kushoto. Namba ni zile ndogo za penseli zilizobaki.

```
        N2      N8
M2      5 8     5 9
M7      8 9     3 9
```

Vyenye rangi ni M2N2, M2N8 na M7N2. Kilichofutwa ni 9 ya M7N8. Sitaki kukubali kufuta namba kwa sababu simu imesema. Nani anaweza kunionyesha kwa nini 9 haiwezi kukaa pale?

KijanaWaNtinda
Hiyo naijua kaka. Pembe nne za mstatili, unaangalia namba moja imejirudia kwenye mistari miwili, halafu unaifuta kwenye nguzo. Angalia 9 iko wapi kwenye mstari wa 2 na wa 7, basi.

MsafiriWaMalaba
Nimeangalia. Mstari wa 7 una 9 sehemu tatu: M7N2, M7N8 na M7N9. Na M2N2 haina 9 kabisa. Mstatili unakataa.

FundiSaa_Bombo
Kijana wa Ntinda anaongelea X-Wing. Majina yanafanana na umbo linafanana, ndiyo maana watu wengi wanazichanganya. X-Wing inahusu namba moja tu kwenye pembe nne. Hii ya Msafiri inahusu namba tatu kwenye visanduku vitatu, na kila kisanduku kina mbili kati ya hizo tatu. Wengine huiita Y-Wing, ni kitu kilekile.

Msafiri, tuanze na M2N2, maana mzigo wote umeegemea hapo. Mimi nakiita egemeo. Una uhakika kina 5 na 8 peke yake? Nitajie namba unazoziona kwenye boksi lake na nguzo yake.

MsafiriWaMalaba
Boksi la juu kushoto lina 1, 3, 6 na 9 tayari. Nguzo ya 2, chini ya boksi hilo, ina 2, 4 na 7. Zinabaki 5 na 8. Nimehesabu mara mbili, mzee.

FundiSaa_Bombo
Vizuri. Chukulia kila kisanduku ni kiti, na zile namba za penseli ni wagombea wake. Kwenye egemeo wapo wawili, 5 na 8, na mmoja wao lazima akalie kile kiti. Hatujui ni nani, na huna haja ya kujua leo.

Akikaa 5 pale M2N2, basi 5 haiwezi kurudi tena mstari wa 2. Kwa hiyo M2N8, yenye 5 na 9, inabaki na 9.

Akikaa 8 pale M2N2, 8 haiwezi kurudi nguzo ya 2. Kwa hiyo M7N2, yenye 8 na 9, inabaki na 9.

Hakuna njia ya tatu. Upande wowote utakaoanguka, bawa mojawapo litakuwa 9: ama lile la kulia, ama lile la chini. Sasa simama wewe kwenye M7N8. Ukitazama juu kwenye nguzo ya 8 unaiona M2N8. Ukitazama kushoto kwenye mstari wa 7 unaiona M7N2. Moja ya hizo mbili ina 9, hata kama bado imejificha. Utaiwekaje 9 hapo uliposimama?

MsafiriWaMalaba
Haiwezekani! Mzee, nimeipata. Kwa hiyo hatujui 9 iko bawa lipi, lakini tunajua M7N8 inayatazama yote mawili.

FundiSaa_Bombo
Hapo hapo. Ukitaka kujihakikishia, ipitie kwa kurudi nyuma. Weka 9 kwenye M7N8 kwa kusudi. M2N8 inalazimika kuwa 5, M7N2 inalazimika kuwa 8. Sasa uliza egemeo: wewe unabaki na nani? 5 imechukuliwa kwenye mstari wake, 8 imechukuliwa kwenye nguzo yake. Kiti kimekosa mtu. Sudoku haina kiti kitupu.

Mwalimu_Gulu
Maelezo mazuri. Niongeze kitu kwa faida ya wanaojifunza. Visanduku vitatu vikishagawana namba tatu namna hii, kila kimoja na mbili, ile namba iliyo kwenye mabawa yote inafutwa kwenye mistari na nguzo za mabawa. Kwa hiyo Msafiri, usiishie M7N8. Umesema M7N9 nayo ina 9. Iko mstari mmoja na bawa la M7N2, futa nayo.

MamaPenseli_Arua
Mwalimu, samahani, hapo nakusimamisha. Kosa hilo limenigharimu gazeti zima la Jumapili. M7N9 inaonana na bawa la chini, sawa. Je, inaonana na lile la juu, M2N8? Moja iko nguzo ya 9, nyingine nguzo ya 8. Mstari wa 7 na mstari wa 2. Boksi tofauti. Hazionani. Ikiwa 9 itaangukia M2N8, M7N9 nayo inaweza kabisa kuwa 9, na hakuna sheria iliyovunjwa.

FundiSaa_Bombo
Mama amesema kweli. Kinachofutwa ni kile tu kinachoyaona mabawa yote mawili kwa pamoja. Kuona bawa moja hakutoshi.

Mwalimu_Gulu
Nimeelewa, nakubali. Nilikuwa naifikiria kama ile ya visanduku vitatu ndani ya mstari mmoja, ambako namba tatu zinafungiwa humo na unazifuta kwingine kote kwenye mstari. Lakini bado nina swali. Mabawa yenyewe si lazima yaonane?

FundiSaa_Bombo
Si lazima, na mara nyingi hayaonani. Bawa linatakiwa kuliona egemeo. Yakionana yote matatu ndani ya mstari mmoja, inakuwa hiyohiyo uliyoitaja, na huhitaji jina lingine. Utamu wa bawa la XY ni kwamba limevuka kona: bawa moja limepita mstari, jingine limepita nguzo au boksi.

Na kwa vile umetaja boksi, niwape umbo la pili. Wengi hulipita bila kuliona, na ndilo linalolipa zaidi. Tuseme egemeo ni M4N4 lenye 1 na 6. Bawa la kwanza liko ndani ya boksi lilelile, M5N6, lina 1 na 7. Bawa la pili liko mbali kwenye mstari wa 4, M4N9, lina 6 na 7. Hapa 7 ndiyo inayofutwa. Kabla sijasema ni wapi, nani anaweza kutaja visanduku vinavyoyaona mabawa yote mawili?

KijanaWaNtinda
Nijaribu mzee. M4N9 iko mstari wa 4, kwa hiyo inaona mstari wa 4 wote. M5N6 inaona boksi la katikati lote. Kwa hiyo M4N5 na M4N6. Viwili.

FundiSaa_Bombo
Umefanya vizuri, lakini umesahau upande wa pili. M4N9 nayo ina boksi lake.

KijanaWaNtinda
Aaa, na M5N6 iko mstari wa 5 ambao unapita ndani ya boksi la M4N9! Basi M5N7, M5N8 na M5N9 pia. Jumla vitano.

FundiSaa_Bombo
Vitano. Linganisha na lile umbo la Msafiri, ambako mabawa yamekaa pembe za mstatili na kinachoguswa ni kisanduku kimoja tu, kile cha pembe ya nne. Ndiyo maana mimi nikiona kisanduku cha wagombea wawili, kwanza nachungulia boksi lake kabla ya kukimbilia mstari na nguzo.

Kapteni_Mstaafu
Nimewasoma toka mwanzo kwa utulivu. Nina pingamizi. Mnasema "akikaa 5, akikaa 8". Huko ni kubahatisha. Mimi nilifundishwa kwamba sudoku safi haitaki kujaribu. Unatazama, unaondoa, unaandika. Ukianza "tuseme ni 5", umeshatoka kwenye kutazama.

FundiSaa_Bombo
Afande, naheshimu msimamo huo. Lakini anayebahatisha anachagua upande mmoja, anaandika, anaendelea hadi agonge ukuta, ndipo anafuta kurasa nzima. Hapa hatujachagua upande. Tumepita pande zote mbili, na zote zimetupa jibu moja kuhusu M7N8. Hakuna kilichoandikwa kwa matumaini.

Kapteni_Mstaafu
Umepita njia mbili kichwani. Mwingine anapita njia moja kwenye karatasi. Tofauti ni kifutio tu. Na kesho mtu atakuja na mnyororo wa visanduku kumi na viwili aseme nao ni kutazama. Mpaka uko wapi?

Mwalimu_Gulu
Kwangu mimi mpaka ni umbo. Ukishajifunza hili, huhitaji tena kusema "tuseme". Unaona 5-8, 5-9, 8-9 zimekaa hivyo, mkono unafuta 9. Kama vile mtu akiona visanduku viwili vyenye 3 na 7 tu kwenye boksi moja, hasemi "tuseme hiki ni 3".

Kapteni_Mstaafu
Hilo la umbo nalikubali nusu. La mnyororo bado nalikataa.

MamaPenseli_Arua
Mimi nataka kuwaeleza yaliyonikuta, maana yanahusu jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Nafanya sudoku ya gazeti, kwa penseli, usiku baada ya zamu hospitalini. Wiki jana niliona umbo hili zuri kabisa: egemeo 2 na 4, mabawa 2-6 na 4-6. Nikafuta 6 pale kwenye pembe ya nne. Nikaendelea vizuri kama robo saa. Kisha nguzo ya 3 ikawa na 4 mbili, na boksi la chini likakosa 6 kabisa.

Nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Umbo lilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa egemeo. Halikuwa na 2 na 4 tu, lilikuwa na 8 pia. Niliisahau 8 nilipokuwa najaza namba ndogo, maana nilidhani nimeshaiona kwenye boksi lile, kumbe ilikuwa boksi la jirani. Na kweli jibu la kisanduku kile likaja kuwa 8.

FundiSaa_Bombo
Mama, umegusa penyewe. Egemeo likiwa na mgombea wa tatu, linaweza kumpa kiti huyo wa tatu, na hapo hakuna bawa linalolazimika. Lote linaanguka. Bawa nalo likiwa na namba ya ziada ni hivyohivyo: linaponyimwa namba yake ya kwanza, linakuwa na pa kukimbilia.

Dalili zake ni hizo ulizosema: namba inarudia mara mbili mahali, au kisanduku kinabaki bila mgombea hata mmoja. Mbaya ni kwamba dalili haziji papo hapo, zinakuja hatua nyingi mbele. Ndiyo maana nilimwuliza Msafiri kwanza namba za boksi na nguzo, kabla sijamweleza chochote.

MamaPenseli_Arua
Siku hizi kabla ya kufuta nahesabu kila kimoja cha vile vitatu upya, kwa kidole, moja hadi tisa. Inachukua dakika moja. Lakini niulize: ile namba ya tatu kwenye egemeo ingekuwa 6 badala ya 8, si ingekuwa bado sawa? Maana hata egemeo likichukua 6, 6 ipo palepale.

FundiSaa_Bombo
Swali zuri sana. Ndiyo, ila masharti yanabadilika. Hapo 6 inaweza kuwa bawa moja, bawa la pili, au egemeo lenyewe. Kwa hiyo kinachofutwa lazima kivione vyote vitatu. Pembe ya nne ya mstatili hailioni egemeo, kwa hiyo pale kwako usingefuta kitu. Inafanya kazi kwenye lile umbo la boksi, na hata huko vile vitano vinapungua vinabaki viwili, vile vya ndani ya boksi na mstari wa egemeo. Simu huiita XYZ-Wing. Tuiache, ina uzi wake.

KijanaWaNtinda
Mzee, mimi nimepata hili sasa hivi kwenye simu nikiwa kwenye teksi: egemeo 5 na 8, bawa moja 5 na 9, bawa jingine 5 na 9. Nifute 9?

FundiSaa_Bombo
Jiulize lile swali la viti. Egemeo likiwa 5?

KijanaWaNtinda
Mabawa yote yanakuwa 9.

FundiSaa_Bombo
Na likiwa 8?

KijanaWaNtinda
Hakuna kinachotokea. Kila bawa linabaki na 5 na 9 yake... linaweza kuwa 5 yote mawili. Basi sifuti.

FundiSaa_Bombo
Ndiyo. Kila mgombea wa egemeo lazima awe na bawa lake. 5 inasukuma bawa moja, 8 inasukuma jingine. Hapo kwako 8 haina wa kumsukuma.

MsafiriWaMalaba
Wakubwa, foleni imesogea kidogo ikasimama tena, nikaendelea na ile ya kwanza. Nataka kuwaonyesha kilichotokea, maana nilidhani kufuta 9 moja hakutanifikisha popote. Kulikuwa na visanduku viwili kwenye mstari wa 9 ambavyo sikuwaandikia:

```
        N2      N8
M2      5 8     5 9
M7      8 9     3 9
M9      5 9     3 5
```

M7N8 ilipopoteza 9 ikawa 3. Hapo M9N8, iliyo chini yake kwenye nguzo hiyohiyo, ikapoteza 3 ikawa 5. Hiyo 5 ikafanya kazi mbili. Kwenda juu, M2N8 ikapoteza 5 ikawa 9. Kwenda kushoto, M9N2 ikapoteza 5 ikawa 9. Kisha M7N2 ikapoteza 9 ikawa 8, na egemeo la M2N2 likabaki na 5. Visanduku sita vimefunguka kwa 9 moja, na egemeo ndilo lilikuwa la mwisho kujulikana!

MamaPenseli_Arua
Hongera kaka. Nimeifuata kwa penseli hapa, inakaa.

Kapteni_Mstaafu
Nimeifuata pia. Kazi safi. Lakini angalia mlolongo huo huo: ukianza na "M2N2 ni 8" unapata M7N2 kuwa 9, M9N2 kuwa 5, M9N8 kuwa 3, na M7N8 nayo 9. Ukuta. Mimi ningefika 5 kwa njia hiyo na mngeniambia nimebahatisha.

Mwalimu_Gulu
Afande, hapo kweli umetubana.

FundiSaa_Bombo
Hilo tuliache wazi, nalifikiria bado. Swali la Msafiri linalobaki ni namna ya kuliona mwenyewe bila simu. Mimi napigia mduara hafifu visanduku vyote vya wagombea wawili. Kama ni vinne au vitano tu kwenye ubao mzima, siangaiki. Vikiwa kumi na kuendelea, nachukua kimoja, kwa mfano 2-6, natafuta mwenzake anayeonana nacho mwenye 2 na namba ya nje. Nikimpata mwenye 2-4, najua kabisa nani wa tatu: lazima awe 4-6. Natafuta huyo tu kwenye mstari, nguzo na boksi la egemeo. Hayupo, nahamia kingine.

MamaPenseli_Arua
Kwenye gazeti nafasi ni ndogo, siwezi kujaza namba ndogo zote. Mimi najaza tu visanduku vyenye wawili, vingine naviacha vitupu. Inatosha?

FundiSaa_Bombo
Kwa kulipata umbo inatosha. Lakini kile cha kufutwa mara nyingi kina wagombea watatu au wanne, na hukukiandika. Ukilipata umbo, nenda ukakiandike kwanza, vinginevyo hutajua umefuta nini.

MsafiriWaMalaba
Nimeanza nyingine mpya, bila dokezo. Nimepigia miduara kama alivyosema mzee. Egemeo M5N5 lina 2 na 6. Kwenye mstari wa 5 kuna M5N1 yenye 2 na 4. Nikatafuta 4-6, nikaipata M8N5 kwenye nguzo. Vyote vitatu nimevihesabu kwa kidole, moja hadi tisa, kama mama alivyosema. Pembe ya nne ni M8N1, ina 1, 4 na 7. Nafuta 4, sivyo? Lakini inabaki na 1 na 7, haijafunguka.

FundiSaa_Bombo
Futa. Sasa tazama boksi la M8N1. Kuna kingine chenye 1 na 7 peke yake?

MsafiriWaMalaba
M8N3! Ina 1 na 7. Viko boksi moja na mstari mmoja. Kwa hiyo 1 na 7 zimefungwa hapo, na M8N9 iliyokuwa na 1 na 9 inakuwa 9. Lori la mbele limewasha injini, nitarudi usiku.